Jaribio la kuandika lisilomwonea mwenye woga

*Shikamoo mwalimu. Ninasimamia ofisi ya chama cha akiba na mikopo hapa Tanga mjini. Tunataka mtu wa kuwajibu wanachama kwa maandishi: barua, ujumbe wa simu, matangazo. Mwaka jana tuliwaita waombaji mmoja mmoja mbele ya jopo la watu 4, nusu saa kila mmoja, anaandika kwenye kompyuta na sisi tunasoma kila herufi ukutani kwa projekta. Binti mmoja alitetemeka mikono, akaandika mistari 4, tukamwacha. Juzi nimeona barua anazoandika kwenye ofisi nyingine, ni nzuri kuliko za yule tuliyemchukua. Kazi ya kufanyia nyumbani siwezi kuwapa, wataandikiwa. Nifanyeje jaribio la papo kwa papo, lenye muda, lisilomwonea mwenye woga?*

Marahaba, mwanangu. Anza kwa kuiondoa hiyo projekta. Mengine yote nitakayokueleza ni ya kurekebisha, lakini projekta ni ya kutoa kabisa, kwa sababu ndiyo iliyogeuza jaribio lenu kuwa kipimo cha kitu ambacho kazi yenu haina. Atakayeajiriwa ataandika barua akiwa mezani kwake, peke yake, na barua itasomwa ikishakamilika. Hakuna siku mwanachama atasimama nyuma yake kuhesabu maneno aliyofuta.

Athari ya macho ya watu inajulikana kwa muda mrefu. Mwaka 1965 mwanasaikolojia Robert Zajonc alieleza kwamba mtu akitazamwa hufanya vizuri zaidi jambo alilolizoea sana, na hufanya vibaya zaidi jambo gumu au geni. Miaka minne baadaye yeye na wenzake walijaribu kwa mende: kwenye njia iliyonyooka, mende waliotazamwa na mende wenzao walikimbia upesi zaidi, kwenye njia yenye kona walichelewa. Karibu zaidi na habari yako ni jaribio la mwaka 2020 la watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, Marekani. Wanafunzi 48 wa kompyuta walipewa tatizo la aina inayotolewa kwenye usaili. Baadhi walilitatua chumbani peke yao, wengine mbele ya msaili anayewatazama. Kutazamwa tu kulipunguza matokeo kwa zaidi ya nusu, na wanawake wote waliotazamwa walishindwa, ilhali wanawake wote waliokaa faraghani walifaulu. Idadi yao ilikuwa ndogo, kwa hiyo hilo la wanawake silifanyi kuwa kanuni. Lakini kama jopo lenu lilikuwa la wanaume watupu mbele ya binti wa miaka ishirini na kitu, ningelikumbuka.

Kinachotokea kichwani si fumbo. Kuandika jibu kunataka mambo kadhaa yakae akilini kwa pamoja: swali la mwanachama, tarakimu za akaunti yake, kanuni ya chama, na sentensi inayofuata. Nafasi hiyo ni finyu kama baraza ya nyumba za Ngamiani, inakaa watu wanne watano basi. Woga ukija na maneno yake, "wananionaje, nimechelewa, yule ameguna", unakaa barazani na wageni wenyewe wanabaki wamesimama. Ndiyo maana mwenye woga haandiki barua mbovu iliyokamilika. Anaandika mistari minne, anafuta mitatu. Hilo ni muhimu kwako unaposoma karatasi: upungufu wa ujuzi na kuganda kwa woga huacha alama tofauti. Asiyejua huandika mengi yasiyo sahihi. Aliyeganda huandika machache, na hayo machache mara nyingi ni sawa.

Sasa nikwambie jambo lililobadilisha namna ninavyotunga majaribio haya. Miaka ya mwanzo nilikuwa na kawaida ya kuwaambia waombaji wachore kistari pembeni ya karatasi kila baada ya dakika kumi, ili nione nani anakwenda kasi gani. Baadaye niliacha, maana kule kuwakatiza kulikuwa kunawavuruga. Lakini zile karatasi zilinifundisha kitu. Waliokuwa na woga walikuwa na mstari mmoja au miwili tu katika dakika kumi za kwanza, kisha mwendo wao ukawa sawa na wa wenzao. Katika ofisi moja nilimkosesha kazi mtu kwa namna hiyo hiyo: jaribio lilikuwa la dakika ishirini na tano, yeye akaanza kuandika kweli kweli ilipofika ya kumi na mbili. Aya zake mbili zilikuwa bora kuliko zote siku ile, na nilimpa alama ya kushindwa kwa sababu hakumaliza. Nilikuwa nimempima dakika zake za mwanzo.

Kwa hiyo utakachokifanya ni kuhakikisha kwamba dakika kumi za kwanza haziingii kwenye alama. Usiwaambie tu "msiwe na wasiwasi", maana neno hilo halijawahi kumtuliza mtu aliyeitwa kwenye usaili. Wape kazi ya kupasha mikono moto. Dakika tano wanakili aya fupi mliyoichapa, kwa mfano tangazo la zamani la chama. Dakika tano nyingine waandike kwa maneno yao maelezo ya kumwelekeza mgeni kutoka stendi ya Kange mpaka ofisini kwenu. Wafanye hayo kwenye kiti kile kile, kompyuta ile ile au kalamu ile ile watakayotumia kwenye jaribio. Waambie mapema kwamba zoezi hilo halisahihishwi, na usilisahihishe. Mwishoni karatasi hizo wapewe waondoke nazo, na waliotumia kompyuta walifute faili wenyewe. Wakiona kwa macho yao kwamba hamlichukui, wataamini. Ukilichukua na kulichungulia hata mara moja, habari itafika mitaani na mwaka ujao zoezi hilo litakuwa mtihani mwingine.

Baada ya hapo kazi ya kwanza yenye alama iwe fupi na nyepesi, ndipo ije nzito. Kwenu ningeweka ujumbe wa simu kwanza, barua baadaye.

Tutengeneze kazi yenyewe, uone vipimo vyake. Ujumbe wa simu: mkutano mkuu wa wanachama uliokuwa Jumamosi umesogezwa Jumapili, saa 4 asubuhi, ukumbi umebadilika. Mwombaji auandike usizidi herufi 160, pamoja na nafasi, kwa kuwa ndicho kipimo cha ujumbe mmoja na ukizidi chama kinalipia wa pili. Alama 10.

Barua ndiyo kiini. Mwanachama ameandika kwa hasira: "Mwezi wa 3 mmenikata 45,000 mara mbili. Nataka hela yangu. Na mniambie kama naweza kukopa milioni moja, mwanangu anaanza chuo." Mwombaji anapewa ukurasa mmoja wa taarifa ya akaunti na nusu ukurasa wa kanuni. Taarifa inaonyesha makato ya 45,000 tarehe 5 Machi na tena tarehe 28 Machi, lakini hilo la pili limeandikwa pembeni "rejesho la Aprili", na mwezi Aprili hakuna kato lolote. Akiba ya mwanachama ni 280,000, na amebakiza marejesho mawili. Kanuni inasema mwanachama anakopa hadi mara tatu ya akiba yake, baada ya kumaliza mkopo alionao. Jibu sahihi basi ni kwamba hakukatwa mara mbili kwa mwezi mmoja, rejesho la Aprili ndilo lililochukuliwa mapema, na chama kinaomba radhi kwa kutomjulisha. Milioni moja hawezi kupata kwa sasa. Akimaliza 90,000 zilizobaki anaweza kuomba hadi 840,000. Mwombaji makini ataongeza kwamba akiba ikifika karibu 334,000, mlango wa milioni unafunguka. Alama 20.

Angalia kwamba kila kinachohitajika kimo mezani. Haulizwi historia ya ushirika wala sheria za mikopo. Swali la kushtukiza humpendelea mwenye kujiamini, ambaye hata asipojua atajaza ukurasa. Na usitumie barua halisi ya mwanachama wenu, hata ukifuta jina. Mji wetu mdogo, mtu atamtambua shangazi yake.

Muda sasa. Nusu saa yenu ilitoka wapi? Nadhani mliikata tu, kama wengi wetu. Muda hupatikana kwa kupima. Wape jaribio hili wafanyakazi wenu wawili wanaoijua kazi hiyo, kila mmoja peke yake, bila kuwaambia wakimbie. Tuseme mmoja ametumia dakika 26 kwa kazi zote mbili, wa pili dakika 30. Hao wanajua kanuni na hawana cha kupoteza. Mgeni lazima asome kila kitu kwa mara ya kwanza, kwa hiyo mimi huchukua ule muda mrefu zaidi na kuuzidisha kwa mbili: dakika 60. Kisha jaribu kwa watu watano wasio wa ofisi yenu, vijana wa chuo au wenzako wa ofisi jirani. Watunga mitihani wana kigezo cha siku nyingi kwamba muda haumwonei mtu kama watu 8 katika 10 wanamaliza kazi yote na hakuna aliyeishia chini ya robo tatu. Kwa watu watano maana yake wanne wamalize. Wakimaliza watatu tu, usiongeze dakika, punguza kazi. Kata taarifa ya akaunti iwe nusu ukurasa, au ondoa swali la mkopo. Mtu akikaa muda mrefu sana kwenye kiti, uchovu unachukua nafasi ya woga.

Usiogope kwamba saa nzima ni nyingi na watu watakuwa goigoi. Kutunga ni polepole kuliko tunavyodhani. Katika uchunguzi mmoja wa mwaka 1999, watu wazima waliozoea kompyuta walinakili maneno kama 33 kwa dakika, lakini walipotunga ya kwao walifikia 19 hivi, na hayo ni maneno ya Kiingereza. Neno letu moja, kama "tutakurudishia", linabeba maneno manne ya kwao. Ukiona mwombaji ameinua macho anatazama dirishani, hiyo ni sehemu ya kuandika.

Atakayemaliza mapema hapati alama ya ziada, na hatoki. Hili la kutotoka ni muhimu kuliko linavyoonekana. Kiti cha kwanza kinaposogezwa dakika ya 35, mwenye woga anasikia kwamba yeye ni wa mwisho, na dakika zake zilizobaki zimekwisha hapo hapo. Waambie tangu kwenye barua ya wito kwamba wote watakaa hadi mwisho, anayetaka aje na gazeti.

Barua ya wito yenyewe ni nusu ya dawa. Woga mwingi ni wa kutojua. Wengi wa waombaji wako wamepitia usaili wa mchujo wa serikali, ukumbi wa mamia ya watu, na watadhani ndicho kinachowangoja. Andika kwamba wataandika ujumbe mmoja na barua moja ya kumjibu mwanachama, kwa Kiswahili, dakika 60, baada ya zoezi la dakika 10 lisilo na alama; kwamba taarifa zote zitakuwepo; kwamba hakuna atakayewatazama wakiandika; na kwamba wanaweza kuchagua kompyuta au karatasi. Ambatanisha mfano mmoja wa swali la aina hiyo pamoja na jibu lake na alama ambazo jibu hilo limepata. Hutakuwa umevujisha kitu, maana barua ya siku ya jaribio itakuwa nyingine. Andika saa kwa tarakimu na kwa neno: saa 3:00 asubuhi, siyo "9:00". Nimewahi kuona mtu kafika alasiri na vyeti mkononi. Tena saa 3 iwe ya hiari kwa wanaotoka mbali. Anayetoka Lushoto ameondoka kwao usiku, mpe nafasi ya saa 5. Mwezi wa Ramadhani na msimu wa joto la kaskazi, weka vyote asubuhi.

Ongeza sentensi moja kwenye wito: mwenye hali ya kiafya au ulemavu unaohitaji mpangilio tofauti, atuambie kabla. Si hisani. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi, ukiwemo wa ulemavu, na kinamhesabu mwombaji wa kazi kama mwajiriwa kwa jambo hilo. Kuna mikono inayotetemeka kwa woga na kuna inayotetemeka kwa maradhi, na wewe ukiwa mlangoni huwezi kuzitofautisha.

Chumbani abaki msimamizi mmoja, asiye mjumbe wa jopo, na awe yule yule kwa wote. Ndiye atakayeondoa hofu yako ya kuandikiwa: anaangalia vitambulisho mlangoni, simu zinaingia kwenye bahasha yenye jina, mtandao unazimwa. Kisha anakaa mbele, pembeni, na anabaki hapo. Asitembee nyuma ya viti. Saa ya ukutani ya kawaida inatosha, yenye mishale. Usiweke tarakimu zinazohesabu kurudi nyuma kwenye skrini. Atangaze mara mbili tu, nusu ya muda na dakika 10 za mwisho, kwa maneno yaliyoandikwa kwenye karatasi ili kila kundi lisikie yale yale.

Kompyuta zenyewe zikaguliwe siku moja kabla, hasa kwa jambo ambalo sijaona ofisi nyingi zikilifikiria. Programu ya kuandikia ikiwa imewekwa kwa Kiingereza, kila neno la Kiswahili linapigiwa mstari mwekundu. Fikiria uko kwenye usaili, umeandika "Ndugu mwanachama", na mashine imekwambia yote mawili ni makosa. Mbaya zaidi, huwa inabadilisha neno lenyewe bila kukuuliza. Kwenye Word fungua `File > Options > Proofing`, ondoa tiki kwenye `Check spelling as you type`, kisha ndani ya `AutoCorrect Options` ondoa tiki kwenye `Replace text as you type`. Fanya hivyo kwa kila mashine, na ukiwa hapo weka herufi za ukubwa unaosomeka.

Karatasi iwe ya hiari kwa sababu vijana wengi wameandika sana kwa vidole gumba kwenye simu na kidogo mno kwenye kibodi. Kama kazi inahitaji kuchapa, na yenu inahitaji, kipime siku hiyo hiyo baadaye, peke yake, kwa dakika kumi, na kiwe cha kupita au kutopita. Ukikichanganya na barua hutajua kilichomwangusha ni kipi. Na barua za karatasi zichapwe na mtu mwingine pamoja na makosa yake yote kabla hazijafika kwa wasahihishaji, kwa kuwa maandishi ya mkono na ya mashine hayasomwi kwa jicho moja hata maneno yakiwa yale yale. Mkono uliotetemeka nao unafichika hapo.

Je, mtu akiganda hata baada ya yote hayo? Weka kanuni moja na uitangaze kwa wote mwanzoni: yeyote anaweza, mara moja, kunyoosha mkono na kutoka nje kwa dakika tano, akanywa maji, na dakika hizo anarudishiwa mwishoni. Karatasi zote zinabaki mezani zimefunikwa, na anasimama mahali msimamizi anamwona. Wachache sana huitumia. Kujua tu kwamba mlango uko wazi huwatosha wengi. Lakini isiwe huruma ya msimamizi kwa yule aliyemwona anahangaika, maana wapo wanaohangaika kimya. Umeme ukikatika nao uwe na kanuni yake: saa inasimama, wote wanaongezewa dakika zilizopotea na tano juu yake.

Nimefika kwenye kusahihisha, na hapa ndipo haki nyingi hupotea bila mtu kuona. Mwaka 1961 huko Marekani wasomaji 53 wenye sifa walipewa insha 300 wazipange kwa madaraja 9 kwa maoni yao. Insha 94 katika kila 100 zilipata madaraja saba au zaidi tofauti, na hakuna hata moja iliyopata chini ya matano. Jopo lenu la watu wanne, bila mwongozo, haliwezi kuwa bora kuliko wale. Mwongozo wa barua ungekuwa hivi: usahihi wa majibu alama 8, mpangilio na uwazi wa kumfanya mwanachama ajue la kufanya alama 6, heshima na lugha inayofaa alama 4, tahajia na sarufi alama 2. Urefu hauna alama. Kufutafuta hakuna adhabu.

Nikupe barua mbili uone. Barua yenye namba ya siri 07 ina maneno kama 90. Inaanza kikavu: "Kuhusu makato yako ya Machi." Inaeleza rejesho la Aprili, inataja 840,000, inasema njoo ofisini na kitambulisho ukimaliza marejesho mawili. Haikuomba radhi popote. Namba 11 ina maneno 260, lugha tamu ya pwani, pole kwa usumbufu, hongera kwa mtoto kuanza chuo, na katikati yake: "tunakuahidi kukurudishia Sh 45,000 zako ndani ya siku saba." Zikisomwa na jopo bila mwongozo, nina hakika 11 itapendwa. Kwa mwongozo, 07 inapata 8, 5, 2 na 2, jumla 17. Namba 11 inapata 2 za usahihi, kwa sababu ya kipande cha mkopo tu, kisha 5, 4 na 2, jumla 13. Ukimwajiri wa 11 kwa uzuri wa lugha, chama kinarudisha fedha zisizodaiwa, au kinavunja ahadi iliyoandikwa na kupigwa muhuri. Wa 07 unaweza kumfundisha kuomba radhi kwa wiki moja. Na aliyeandika maneno 90 yaliyonyooka ndani ya saa nzima anaweza kabisa kuwa yule mwenye woga.

Wasahihishe watu wawili, kila mmoja peke yake, wakiona namba tu. Wasome ujumbe wa simu wa waombaji wote kwanza, ndipo barua za wote, na katikati wazichanganye mpangilio, ili alama ya kazi ya kwanza isimfuate mtu kwenye ya pili. Kabla ya kuanza wasome pamoja barua tatu za wale watu watano wa majaribio, moja nzuri, moja ya kati, moja dhaifu, na wakubaliane kwa nini. Wakitofautiana zaidi ya alama 3 kwenye barua moja, wakae waonyeshane mistari. Wasigawanye katikati tu. Mara nyingi utakuta mmoja hakuona kitu.

Mwisho wa jaribio usiwe mwisho wa kumsikia mtu. Kwa watatu au wanne wa juu, siku nyingine, waweke mezani na barua yao wenyewe na uwaulize: hapa ungebadilisha nini, na mwanachama akirudi bado ana hasira ungemwandikiaje? Dakika kumi na tano zinatosha. Aliyebahatisha ataonekana, na aliyeandika akiwa na woga atazungumza vizuri kwa sababu anazungumzia kitu alichokwisha kukifanya. Alama za maongezi hayo zisiizidi barua. Nakuonya hili kwa sababu wajumbe wa jopo wakishamwona mtu uso kwa uso husahau karatasi.

Mpangilio huu hauondoi woga wote. Wapo watakaokuja hawajalala. Pia hautakwambia kama mtu ni mwaminifu, au atavumilia foleni ya mwisho wa mwezi. Ili ujue kama umeacha kupima woga, chukua alama za ujumbe na za barua za kila mtu uzilinganishe kwa asilimia. Wengi wakiwa hafifu kwenye ule ujumbe mwepesi na imara kwenye barua nzito, zoezi lako la mwanzo halijatosha, ongeza dakika tano. Kisha baada ya miezi sita chukua barua tano za kazi za yule uliyemwajiri, uzifiche jina, uzisahihishe kwa mwongozo ule ule.

Na yule binti, mpigie simu. Mwambie nafasi imetangazwa na kwamba jaribio la mwaka jana limefutwa kwenye jalada lake, ulifute kweli. Usimwambie kwamba mlikosea kumpima halafu ukampa maswali kabla ya wenzake. Mtumie barua ya wito ile ile watakayopata wote, siku ile ile, na kwenye orodha ya wasahihishaji asiwepo hata mmoja wa wale wanne waliomwona akitetemeka.